Je, Wajua? Biti Safi Hukamuliwa Kutoka Kwenye Kelele Chafu

Sarafu hupenda kurudi upande ilioanzia

Irushe sarafu kwa kidole gumba, uidake, uitazame. Upande uliokuwa juu kabla hujarusha una nafasi kubwa kidogo ya kuwa juu tena. Mwaka 2023 watafiti wakiongozwa na František Bartoš wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walitangaza matokeo ya mirusho 350,757 iliyofanywa kwa mikono ya watu 48, na sarafu ilirudi upande ilioanzia kwa asilimia 50.8. Miaka kumi na sita kabla yao, Persi Diaconis, mwanahisabati aliyewahi kuwa mwanamazingaombwe, alikuwa ameshakokotoa na wenzake kwamba jibu lingekuwa karibu asilimia 51, kwa sababu sarafu ikiwa angani huyumba kidogo na kukaa muda mrefu zaidi upande wake wa kwanza ukiwa juu.

Sarafu haiko peke yake katika hili. Kelele za umeme ndani ya diodi, mitetemo ya saa ya kompyuta, chembechembe za giza kwenye picha ya kamera: kila chanzo cha nasibu kinachotokana na maumbile kina upande kinaouegemea. Hata hivyo funguo za siri zinazolinda akaunti yako ya benki zinahitaji biti safi, yaani sifuri na moja zenye nafasi sawa kabisa, ambazo hata ukizijua zote isipokuwa moja bado huwezi kuikisia hiyo iliyobaki. Kuzitoa biti safi kwenye chanzo kichafu ni kazi yenye hila za kupendeza mno, na gharama yake inajulikana hadi biti ya mwisho.

Sarafu mbovu inaweza kutoa haki kamili

Chukua sarafu iliyopinda kiasi kwamba inatoa kichwa mara 7 katika kila 10. John von Neumann, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria, alionyesha mwaka 1951 kwamba unaweza kuitumia kuamua jambo bila kumdhulumu mtu, na hata huhitaji kujua imepinda kiasi gani. Irushe mara mbili. Ikitoka kichwa kisha mwenge, andika 1. Ikitoka mwenge kisha kichwa, andika 0. Zikifanana, zitupe zote mbili na uanze upya.

Siri yake ni nyepesi. Uwezekano wa kichwa kisha mwenge ni 0.7 mara 0.3, ambao ni 0.21. Uwezekano wa mwenge kisha kichwa ni 0.3 mara 0.7, na jibu ni lile lile. Upendeleo wote wa sarafu unajificha kwenye jozi zinazofanana, nazo tumezitupa.

Haki hiyo ina bei, na bei yenyewe ni kali. Katika mirusho 1,000 unapata jozi 500. Kati ya hizo, jozi 210 hivi ndizo hubaki, kila moja ikitoa biti moja. Umelipa mirusho 1,000 ukaondoka na biti 210. Kumbuka nambari hiyo, kwa maana tutaishinda baadaye.

Hila hiyo hiyo inaweza kugeuza chanzo kuwa mstari wa sifuri

Sasa chukua kifaa kinachotoa 0, 1, 0, 1, 0, 1 bila kukoma. Ukihesabu, nusu kamili ni sifuri na nusu kamili ni moja. Kwa jicho la haraka hakuna chanzo kilicho sawa kuliko hiki. Kipitishe kwenye kanuni ya von Neumann. Kila jozi ni 0 kisha 1, kila jozi inahifadhiwa, na kila jozi inatoa 0. Sifuri, sifuri, sifuri hadi kesho. Ukianza kusoma nafasi moja mbele, jozi zote zinakuwa 1 kisha 0, na kikosi kizima kinageuka kuwa moja tupu.

Kanuni ile ilidai kitu kimoja kimyakimya: kila mrusho usijue chochote kuhusu mrusho uliotangulia. Vifaa halisi havitimizi sharti hilo kwa ukamilifu. Ukisoma kelele ya diodi kwa kasi kupita kiasi, volti iliyokuwa juu sekunde chache za nano zilizopita bado haijashuka, na biti mbili jirani zinakuwa ndugu. Ndiyo sababu kuhesabu sifuri na moja pekee hakumwambii fundi lolote la kutegemewa.

Kitabu maarufu cha tarakimu za nasibu kilitoka kwenye mashine iliyochechemea

Mwaka 1955 shirika la RAND la California lilichapisha kitabu chenye tarakimu milioni moja zisizo na mpangilio wowote, ili wanasayansi wazitumie katika majaribio yao. Zilizalishwa na mashine ya umeme iliyohesabu mipigo ya nasibu na kutoa tarakimu moja hivi kila sekunde, zikapigwa kwenye kadi 20,000, tarakimu 50 kwa kadi. Mafundi waliirekebisha mitambo, lakini baada ya kuiacha ifanye kazi kwa muda vipimo vilionyesha kwamba upendeleo umerudi.

Walichofanya kinastahili kutazamwa kwa karibu. Walichukua kila kadi wakaijumlisha na kadi iliyotangulia, tarakimu kwa tarakimu, wakabakiza tarakimu ya mwisho tu: 7 na 5 ni 12, basi andika 2. Kujumlisha vitu viwili vyenye upendeleo huupunguza upendeleo kwa kasi ya ajabu. Biti mbili ambazo kila moja ni 1 kwa asilimia 70, ukiziunganisha kwa kanuni ya "zikitofautiana andika 1, zikifanana andika 0", hutoa 1 kwa asilimia 42. Kosa la pointi 20 limeshuka hadi pointi 8. Unganisha biti nane badala ya mbili, na kosa linabaki chini ya nusu ya sehemu moja ya kumi ya pointi moja.

Lakini hapa pana jambo ambalo mimi naliona ndilo moyo wa mada yote. Waliingiza tarakimu milioni moja wakatoa tarakimu milioni moja. Kila tarakimu ikitazamwa peke yake ilikuwa imenyooka, ila jumla ya nasibu iliyokuwemo haikuongezeka hata chembe, kwa kuwa kujumlisha hakuleti kitu kisichokuwepo. Mpishi wa pwani analijua hili vizuri: nazi iliyokunwa ukiikamua inakupa tui zito kidogo, na ukitaka lijaze sufuria nzima utaongeza maji, bali utamu ni ule ule uliotoka kwenye nazi. Anayetaka biti zilizo nzito kweli sharti akubali kupata chache kuliko alizoingiza. Hesabu inayofanya kazi hiyo tuiite kikamuzi.

Kifaa kinaweza kuwa na biti 129 za wastani na biti 1 tu ya kutegemea

Kiasi cha nasibu kilichomo ndani ya chanzo huitwa entropia, na hupimwa kwa biti. Kipimo kinachojulikana zaidi ni cha Claude Shannon, cha mwaka 1948, ambacho hutoa wastani wa mshangao. Kwa sarafu yetu ya asilimia 70, Shannon anahesabu biti 0.88 kwa kila mrusho.

Sasa fikiria kifaa hiki. Ndani yake kuna sarafu ya haki. Ikitoka kichwa, kifaa kinatoa sifuri 256 mfululizo. Ikitoka mwenge, kinatoa biti 256 safi kabisa. Kwa hesabu ya Shannon, kila ufunguo unaotoka una entropia ya biti 129 hivi, kiasi ambacho kingemridhisha mwenye duka yeyote. Mwizi yeye hana haja na wastani. Anajaribu sifuri 256, na nusu ya wateja wote wamefunguka kwa jaribio moja.

Kwa hiyo wanaotengeneza funguo hutumia kipimo kingine, entropia ya chini, ambacho huuliza swali moja tu: mkisiaji bora kuliko wote, akikisia mara moja, ana nafasi gani ya kupatia? Nafasi ya moja katika mbili ni biti 1. Moja katika nne ni biti 2. Moja katika 1,024 ni biti 10. Kifaa chetu cha sifuri 256 kina biti 1 tu. Sarafu ya asilimia 70 ina biti 0.515 kwa mrusho, maana mkisiaji hodari atasema "kichwa" kila mara.

Ukipima baada ya hashi, hata tarakimu za pai zinafaulu

Tarakimu za pai, ile 3.14159 ya shuleni, hupita vipimo vya kawaida vya nasibu bila shida. Entropia yake ni sifuri, kwa sababu yeyote anaweza kuzikokotoa. Vivyo hivyo ukichukua 1, 2, 3, 4 na kuendelea, kila nambari ukaipitisha kwenye hashi ya SHA-256, utapata mkondo unaoonekana mchafuko mtupu, ilhali haumo mshangao hata mmoja kwa anayejua ulichofanya. Vipimo vya matokeo huona sura tu. Ndiyo maana entropia hukadiriwa kwenye biti ghafi, kabla hazijaguswa na hashi yoyote.

Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha mwaka 2018 mwongozo uitwao SP 800-90B unaoeleza namna ya kukadiria. Unachukua walau sampuli 1,000,000 mfululizo kutoka kwenye chanzo. Tuseme umezihesabu ukakuta moja ziko 700,000. Huandiki 0.7 ukaenda nyumbani, kwa sababu huenda siku ya kupima bahati ilikuwa upande wako. Unaongeza ukingo wa tahadhari wa asilimia 99, ambao kwa sampuli nyingi kiasi hiki ni mdogo, 0.0012 hivi, na unapata 0.7012. Hapo entropia ya chini inakuwa biti 0.512 kwa kila biti ghafi.

Hicho ni kipimo kimoja tu, na kile kifaa cha 0, 1, 0, 1 kingekipita kwa alama za juu. Kwa hiyo mwongozo una vipimo 10 kwa vyanzo ambavyo haijathibitishwa kwamba sampuli zake hazitegemeani. Kimoja kinatazama jinsi biti inavyomfuata jirani yake, kingine kinatafuta vipande vinavyojirudia, vingine vinajaribu kutabiri biti ijayo kutokana na zilizopita na kuhesabu mara ngapi vimepatia. Kisha matokeo hayajumlishwi wala hayatafutiwi wastani. Linachukuliwa dogo kuliko yote. Tena mwongozo unataka kifaa kizimwe na kuwashwa mara 1,000, ili kuhakikisha kwamba hakianzi kila asubuhi na wimbo ule ule.

Hata hivyo, vipimo vyote hivi haviwezi kuthibitisha kwamba entropia ipo. Vinaweza tu kushindwa kugundua kwamba haipo. Mwongozo wenyewe unamtaka mtengenezaji aeleze kwa fizikia ni kitu gani ndani ya kifaa chake kinacholeta nasibu, na nambari anayoidai isizidi ile ambayo vipimo vimekubali.

Hakuna hashi moja inayofaa kila chanzo

Hili lilinishangaza kuliko yote nilipolisoma mara ya kwanza, na uthibitisho wake unaenea kwenye kiganja. Chukua hashi yoyote ile inayopokea biti 1,000 na kutoa biti moja. Kati ya maingizo yote yanayowezekana, walau nusu yatatoa jibu moja, tuseme 0. Sasa tengeneza chanzo kinachochagua kwa haki kabisa ndani ya nusu hiyo. Kina entropia ya chini ya biti 999 kati ya 1,000, karibu ukamilifu, na hashi yako inakitolea 0 daima. Kila hashi isiyobadilika ina adui wake aliyefichwa mahali fulani.

Dawa ni kutoichagua hashi mapema. Unaweka kundi kubwa la hashi, kisha unatumia biti chache safi, ziitwazo mbegu, kuchagua moja. Mbegu si lazima iwe siri. Unaweza kuibandika ukutani, mradi tu chanzo hakikuijua wakati kikitoa biti zake.

Kundi linalopendwa sana hutumia jedwali lililopewa jina la Otto Toeplitz, nalo unaweza kulifanya kwa penseli. Mbegu iwe 1011001. Biti ghafi ziwe 110110, nasi tunataka biti mbili. Kwa biti ya kwanza, weka biti sita za mwanzo za mbegu, 101100, juu ya biti ghafi. Nafasi zenye 1 kwenye mbegu ni ya kwanza, ya tatu na ya nne. Chini yake kuna 1, 0 na 1. Jumla ni 2, shufwa, basi andika 0. Kwa biti ya pili, sogeza mbegu nafasi moja: 011001. Nafasi ni ya pili, ya tatu na ya sita. Chini yake kuna 1, 0 na 0. Jumla ni 1, witiri, basi andika 1. Matokeo ni 01. Kikamuzi kizima ndicho hicho, na vifaa vinavyotumia chembe za mwanga hukifanya kwa maelfu ya biti kwa mpigo mmoja.

Ushuru wa kikamuzi ni biti 128, uwe na shehena ndogo au kubwa

Mwaka 1989 Russell Impagliazzo, Leonid Levin na Michael Luby walieleza ni biti ngapi unaweza kukamua bila kujidanganya. Andika entropia ya chini uliyonayo. Chagua kosa unaloweza kulivumilia. Kisha utoe mara mbili ya ukubwa wa kosa hilo kwa biti. Kilichobaki ndicho chako.

Turudi kwa sarafu yetu. Biti ghafi 1,000, kila moja ikileta walau 0.512 hata kwa anayejua zilizotangulia, zina entropia ya chini ya biti 512. Tuseme tunataka matokeo ambayo hakuna mtu, hata mwenye kompyuta zote za dunia, anayeweza kuyatofautisha na biti safi kwa zaidi ya nafasi moja katika 2 iliyozidishwa yenyewe mara 64, nambari inayoanza na 18 ikifuatwa na tarakimu nyingine 18. Mara mbili ya 64 ni 128. Toa 128 kwenye 512, na tunabaki na biti 384.

Von Neumann alitupa 210. Sisi tumepata 384, tena bila kudai kwamba mirusho haijuani, ilimradi makadirio ya entropia ni ya kweli. Na uzuri unazidi shehena ikikua, kwa sababu ushuru haupandi. Biti ghafi 1,000,000 zinatoa 512,000 ukiondoa zile zile 128, ambazo ni biti 511,872. Von Neumann angeishia 210,000.

Katika simu na kompyuta nyingi mbegu haitumiki. Mafundi hutumia SHA-256 au ndugu zake moja kwa moja, wakitegemea kwamba hakuna chanzo cha asili kitakachokuwa adui wake kwa bahati mbaya. NIST inakubali, lakini nayo inadai ushuru wake: anayetaka biti 256 kamili aingize entropia ya walau biti 320. Kwa chanzo chetu hizo ni biti ghafi 625.

Biti 41 zinazofanana zinatosha kusimamisha mashine

Makadirio hufanywa maabara, kifaa kikiwa kipya. Miaka mitatu baadaye diodi imechoka, waya umelegea, na chanzo kinatoa 1 bila kupumua. Hashi iliyo mbele yake haitakuambia: itaendelea kutoa matokeo yenye sura nzuri vile vile, nayo yatakuwa yale yale kila mara kifaa kinapowashwa.

Kwa hiyo mlinzi anakaa upande wa biti ghafi, naye anahesabu tu zilizofanana mfululizo. Kikomo chake kinatokana na entropia iliyodaiwa: gawa 20 kwa 0.512, unapata 39.06, panda hadi 40, ongeza 1. Zikifika 41, kengele. Sarafu yetu ikiwa nzima, mfuatano wa namna hiyo ungeanzia mahali fulani kama mara moja tu katika biti milioni 7.5. Kikomo kikiwa kidogo zaidi, mashine itasimama kila saa bila sababu. Kikiwa kikubwa mno, funguo mbovu zitakuwa zimeshatoka mlangoni.

Kwa miezi ishirini, Debian ilitengeneza funguo kutoka kwenye biti 15

Mnamo Septemba 2006 mtunzaji mmoja wa programu ya OpenSSL ndani ya Debian alifuta mstari wa msimbo uliokuwa ukilalamikiwa na chombo cha kukagua kumbukumbu. Mstari huo ndio uliokuwa ukiingiza entropia kwenye bakuli ambamo programu hukusanya nasibu yake. Kilichobaki kikiingia ni nambari ya utambulisho wa mchakato tu, ambayo kwa kawaida haivuki 32,768, yaani biti 15.

Hashi iliyofuata ilitimiza wajibu wake barabara. Funguo zilikuwa na biti 2,048, kila moja ikionekana tofauti na mwenzake, na hakuna kipimo cha sura ambacho kingezitilia shaka. Ila kwa kila aina ya kompyuta na kila urefu wa ufunguo zilikuwepo elfu thelathini na ushei tu, na mtu aliweza kuzitengeneza zote mapema akaziweka kwenye faili. Tangazo lilitolewa Mei 2008, na watu wenye seva walilazimika kubadilisha funguo zao zote, kwa maana kurekebisha programu hakukuuponya ufunguo uliokwisha kuzaliwa.

Ruta mbili zisizojuana zinaweza kufichuliana siri

Mwaka 2012 Nadia Heninger na wenzake watatu walikusanya funguo za wazi kutoka kote mtandaoni. Bila kuvunja mlango wowote, walikokotoa funguo za siri za asilimia 0.5 ya seva za TLS walizozikuta. Wengi wa waathirika walikuwa vifaa vidogo kama ruta na kinga za mtandao, vilivyotengeneza ufunguo dakika ya kwanza ya kuwashwa, bakuli la entropia likiwa bado tupu.

Ufunguo wa RSA ni zao la nambari mbili tasa. Ruta mbili zilianza na bakuli lile lile, zikachagua nambari tasa ya kwanza ile ile. Kisha tofauti ndogo ya saa ikaingia, na ya pili ikawa mbali. Tuseme moja imetangaza 10,403 na nyingine 11,021. Kuivunja kila moja peke yake ni kazi, na kwa nambari za kweli haiwezekani. Lakini tafuta kigawo kikubwa cha shirika, hesabu ya Euklide tuliyoisoma shule ya msingi, na kinatoka papo hapo: 103. Ya kwanza ni 101 mara 103, ya pili ni 103 mara 107, na siri zote mbili ziko mezani.

Ukuta wa taa una picha kubwa na entropia isiyolingana na ukubwa huo

Kwenye ofisi ya kampuni ya Cloudflare mjini San Francisco kuna ukuta wa taa 100 hivi za nta inayoyeyuka, ikipanda na kushuka kwa maumbo yasiyorudi. Kamera inazipiga picha, picha inapitishwa kwenye hashi, na matokeo yanaongezwa kwenye vyanzo vingine. Picha ina mamilioni ya biti, ila picha mbili zilizopigwa kwa kufuatana zinakaribia kufanana, kwa hiyo kinachohesabika ni kile tu kilichobadilika kwa namna isiyotabirika, pamoja na kelele za kamera yenyewe. Uzuri wa kuzichanganya na vyanzo vingine ni kwamba taa zikizimika, vile vingine bado vinatosha.

Kompyuta yako ina nambari hii, na unaweza kuisoma sasa hivi

Kwenye mashine yenye Linux, fungua terminali uandike:

```
cat /proc/sys/kernel/random/entropy_avail
```

Zamani nambari hiyo ilipanda hadi 4,096 na kushuka kila biti zilipochotwa, na kuna programu zilizokuwa zikisimama kusubiri ipande. Kwenye kerneli za mwaka 2022 na kuendelea, ambako hashi ya BLAKE2s imechukua nafasi ya SHA-1, bakuli linashika biti 256. Likishajaa, nambari inabaki 256 hata uchote kiasi gani, kwa sababu biti 256 zilizokamuliwa vizuri zinatosha kuzalisha mkondo mrefu ambao hakuna anayeweza kuukisia. Ukiona nambari ndogo kuliko hiyo kwenye kifaa kilichowashwa sasa hivi, usitengeneze ufunguo wowote bado. Na ukiona 256, ujue ni makadirio ya kerneli kuhusu kile ilichokusanya, yaliyohesabiwa kwa uangalifu, wala si kipimo.